Ngazi ya nyumba yetu: kwa nini tuliivunja na kuimwaga tena
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Swali linalozunguka tangu mwezi uliopita tunalijua: kwa nini ngazi ya nyumba ya chama imejengwa mara mbili, na simenti imetoka mara mbili? Ni haki yenu kuuliza, juu ile ni michango yenu. Leo tunajibu, na tunajibu kwa kueleza ngazi yenyewe inavyofanya kazi, ili kesho mtu yeyote kati yetu akijenga ngorofa Baraka ama Fizi, asiangukie shimo lile lile.

Tukumbuke tulikotoka. Kule Lugufu na Nyarugusu nyumba zetu zilikuwa za chini tu. Tuliporudi tulikuwa na mafundi wazuri wa matofali na wa kuezeka, lakini wachache waliowahi kumwaga ngazi ya zege, ama beto kama tunavyosema huku.

Kosa la kwanza lilikuwa la vipimo. Toka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu kuna santimetre 306. Ukigawanya kwa 18, kila kidato kinapanda santimetre 17. Pa kukanyagia tuliweka 29. Mafundi wana hesabu ya zamani iliyoandikwa na Mfaransa Blondel katika karne ya 17: kimo mara mbili, ongeza kikanyagio, jumla iwe kati ya 60 na 64, maana huo ndio urefu wa hatua ya mtu. Kwetu 17 na 17 ni 34, na 29 ni 63. Sawa kabisa. Basi kwa nini mzee wetu mmoja alijikwaa siku ya kwanza kabisa?

Juu fundi alipima toka beto hadi beto, akasahau shape. Sakafu ya chini na ya juu zilipata shape ya santimetre 5, lakini vidato vilipata 2 tu. Ile shape ya chini ikala kidato cha kwanza, kikabaki 14. Ya juu ikaongeza kidato cha mwisho, kikawa 20. Katikati vyote ni 17. Mguu wa mtu hauangalii. Ukishapanda vidato viwili vitatu, mguu umeshika kipimo, na unangojea kile kile. Ngazi ya vidato vya 18 vyote sawa ni salama kuliko hii yetu. Dawa yake ni kuhesabu toka sakafu iliyomalizika. Katika beto mbichi, kidato cha kwanza kifanywe 20 na cha mwisho 14, kusudi shape ikiingia vyote vitoke 17. Chora vidato vyote ukutani kwa penseli kabla ya kofraji, upime tena.

Kosa hilo peke yake tungeweza kulirekebisha. La pili ndilo lililotuvunjisha.

Wengi wetu tunadhani vidato ndivyo vinavyobeba mtu. Hapana. Vidato vimekaa tu mgongoni. Kinachobeba ni dali iliyolala mshazari chini yao, kwetu ya unene wa santimetre 15. Unene huo unapimwa toka chini ya dali mpaka kwenye kona ya ndani ya kidato, pale pembamba kuliko pote. Dali inaegemea chini kwenye msingi, inapanda, inageuka kuwa paliye, na mwisho wake unalala juu ya boriti ya ukuta wa nyuma. Toka egemeo mpaka egemeo ni karibu metre 3 na nusu. Na mzigo mkubwa si watu. Kila metre ya mraba ya ngazi ile, beto peke yake ina karibu kilo 650, wakati kwa watu wa mahali pa mkutano tunahesabu kilo 400. Mkono mmoja tu wa ngazi, bila paliye, una karibu tani 1 na kilo 800, usiku na mchana, hata kama hakuna mtu.

Uzito huo unataka kuipinda dali katikati. Upande wa juu unabanwa, na beto inapenda kubanwa. Upande wa chini unavutwa, na beto ikivutwa inapasuka. Ndiyo maana ferabeto, ile nondo ya Tanzania, inakaa chini. Zetu ni za milimetre 12, moja kila santimetre 15, na beto ya santimetre 2 na nusu chini yake kuifunika. Hapo fundi hakukosea. Alikosea pale dali inapogeuka kuwa paliye. Alichukua ferabeto za chini akazikunja zifuate kona ya kofraji, zikalala vizuri kama nguo iliyopigwa pasi. Kwa macho ilipendeza.

Sasa tuombe vijana wawili washike kamba. Mmoja ashushe mkono, mwingine ainue. Katikati mtu aikunje kamba kwa kuinyanyua kwa kidole toka chini. Vuteni! Mnaona? Kamba inataka kunyooka, inasukuma kidole kwenda chini. Ferabeto inayovutwa ndani ya ngazi inafanya hivyo hivyo, na kidole cha kuizuia ni ile beto ya santimetre 2 na nusu tu. Siku tatu baada ya kutoa miti ya kushikilia, chini ya kona ile ukatokea ufa toka upande huu mpaka ule, na kipande kikaanguka, ferabeto zikaonekana. Wengine walisema tupake simenti tu. Simenti ya kupaka ingeficha ufa, lakini isingeishika ferabeto. Na huwezi kuvunja paliye ukaacha mkono wa juu, juu huo mkono unaegemea paliye. Tukavunja yote.

Safari hii ferabeto za mkono zinanyooka, zinapita kona, zinaingia upande wa juu wa paliye. Za chini ya paliye nazo zinanyooka, zinaingia upande wa juu wa mkono. Zinapishana kama herufi X, kila moja ikiendelea kama santimetre 60 baada ya kupishana. Hakuna inayokunjwa kufuata kona ile. Pale chini, ngazi inapoanza kupanda, kukunja hakuna shida, maana ferabeto ikinyooka inaingia ndani ya beto, si kutoka nje.

Vipimo hivi ni vya ngazi yetu. Mwenye ngazi ndefu zaidi asivinakili, amtafute injenyeri ahesabu.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo mawili. Hakuna beto ya chama itakayomwagwa kabla injenyeri na wanachama wawili hawajaangalia ferabeto kwa macho, kona kwa kona, na kupiga picha itakayotumwa kwa wafadhili. Na miti ya chini itakaa siku 28, kisha itolewe kuanzia katikati kwenda pembeni. Ngazi mpya imemwagwa. Msiipande bado, hata kama inaonekana imekauka.