Jedwali Dogo Lililo Tayari kwa Chati ya Pau

Maelezo kwa makatibu wa kamati za wadi wanaotayarisha mabango ya mikutano ya hadhara



Katika mikutano ya kushirikisha umma kuhusu bajeti, karatasi inayosomwa na watu wengi zaidi ni ile iliyobandikwa ukutani. Kitabu cha mapendekezo kina kurasa nyingi, na wanaopata nafasi ya kukisoma kabla ya mkutano ni wachache. Chati ya pau, yaani mchoro wa nguzo ambao urefu wa kila upau ndio idadi yenyewe, husomwa hata na mtu aliyesimama mlangoni. Kosa likiingia katika chati hiyo, linasomwa na watu hao wote.

Chukueni mfano wa katibu mmoja anayetaka kuonyesha idadi ya watu katika kaunti sita za Pwani. Anazo takwimu za Sensa ya 2019 zilizotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Anaziandika katika kompyuta, kwenye programu ya lahajedwali kama Excel au LibreOffice Calc, kisha anaiagiza programu ichore chati. Inayotokea inamshangaza. Upande mmoja umesimama upau mrefu ulioandikwa JUMLA. Kando yake pau za kaunti zimekuwa fupi mno, na Lamu haina upau wowote. Mkazi wa Lamu akiiona chati hiyo ukutani, atauliza kwa haki kama watu wa kwao hawakuhesabiwa.

Watu wengi hapo huanza kuhangaika na chati yenyewe: wanabadilisha rangi, wanavuta kingo, wanafuta upau mmoja mmoja. Huko ni kupoteza muda. Programu imechora ilichopewa. Kinachofaa kurekebishwa ni jedwali.

Jedwali la katibu huyu linapendeza machoni. Juu kuna kichwa kirefu, "Idadi ya Watu Kaunti za Pwani", kilichoandikwa katika visanduku vilivyounganishwa. Chini yake kuna safu nne: nambari ya kaunti, jina lake, idadi ya watu, na asilimia. Mwishoni kuna mstari wa jumla. Kwa ripoti ya kuchapishwa mpangilio huo hauna neno. Kwa chati kila pambo hapo ni mtego.

Programu hizi zina tabia moja inayofaa kujulikana. Mtu akibofya kisanduku kimoja ndani ya jedwali na kuagiza chati, programu hutazama pande zote na kuchukua kila kilichogusana na kisanduku hicho, mpaka ifike kwenye mstari mtupu au safu tupu. Jedwali ni kama kisiwa, na visanduku vitupu ndiyo bahari yake. Kila kilicho kisiwani kinaingia katika chati, kiwe kinahusika au hakihusiki. Na mtu akiacha mstari mtupu katikati ya kaunti ili majedwali "yapumue", amekata kisiwa vipande viwili, na nusu ya kaunti zitaachwa nje bila onyo lolote.

Kwa hiyo katibu anaanza kwa kuondoa. Kichwa kirefu na maelezo ya chanzo anavihamishia safu ya D, huku safu ya C ikibaki tupu, ili visigusane na jedwali. Nambari za kaunti, 1 hadi 6, anazifuta, kwa sababu kwa programu hizo pia ni idadi, na huenda ikazichorea pau zake. Asilimia anaiondoa kwa sababu inayokaribiana na hiyo: Kilifi ina watu 1,453,787 na asilimia 33.6 ya Pwani, na vipimo hivyo viwili haviwezi kusimama kwenye mhimili mmoja. Upau wa 33.6 kando ya upau wa milioni moja na nusu hauonekani kabisa.

Mstari wa jumla ndio wenye madhara makubwa zaidi. Watu wote wa kaunti sita walikuwa 4,329,474, karibu mara tatu ya Kilifi, iliyo kubwa kuliko zote. Tuseme chati ina kimo cha sentimita 12 na upau mrefu zaidi unakijaza kimo hicho. Jumla ikiwemo, upau wa Lamu unapata milimita nne tu. Jumla ikitolewa, Kilifi inajaza sentimita 12 na Lamu inapata karibu sentimita moja na milimita mbili. Watu wa Lamu hawakuongezeka, ila sasa wanaonekana. Jumla yenyewe haitupwi. Inasogezwa chini, baada ya mstari mmoja mtupu, ambako itatumika kukagua.

Linabaki swali la upau wa Lamu ambao haukuchorwa kabisa. Katibu anatazama kisanduku na kuona 143,920, namba iliyo sahihi. Lakini anapotazama kwa makini anaona kwamba namba za kaunti nyingine zimeegemea upande wa kulia wa visanduku, na ya Lamu imeegemea kushoto. Hiyo ndiyo dalili. Mtu asipobadilisha mpangilio, programu huegemeza namba kulia na maneno kushoto. Namba ya Lamu imesomwa kama neno, na neno likichorewa upau, Excel hulipa sifuri. Katika kunakili kutoka karatasi, mahali pa tarakimu ya sifuri iliandikwa herufi O. Kosa kama hilo hutokea pia mtu akiweka nyota ya maelezo mbele ya namba, akiandika "watu" ndani ya kisanduku kimoja na namba, au nafasi isiyoonekana ikija nayo wakati wa kunakili kutoka faili ya PDF.

Macho hayatoshi kukamata kosa hili, hasa kama mtu tayari ameweka namba zote katikati ya visanduku kwa ajili ya urembo. Kuna fomyula mbili fupi za kukagua, zinazoandikwa chini ya mstari mtupu:

```
=COUNT(B2:B7)
=SUM(B2:B7)
```

Ya kwanza huhesabu visanduku vyenye namba halisi. Kaunti ni sita, kwa hiyo jibu liwe 6. Kwa jedwali la katibu linakuja 5. Ya pili hujumlisha, na huruka maneno bila kulalamika. Jibu lake ni 4185554, ilhali jumla inayojulikana ni 4329474. Tofauti ni 143920, idadi ya Lamu yenyewe, na hivyo fomyula imemwelekeza katibu moja kwa moja kwenye kisanduku chenye kosa. Ndiyo maana jumla kutoka chanzo inafaa kuhifadhiwa pembeni. Mtu anayejumlisha mwenyewe tu, bila kulinganisha na jumla iliyochapishwa, hatajua kilichopotea.

Katibu anaandika upya namba ya Lamu, na safari hii anaandika tarakimu tupu bila mkato wa maelfu. Mkato ni wa macho ya msomaji, na programu inaweza kuuonyesha baadaye. Kuuandika kwa mkono kuna hatari yake, kwa sababu kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Kifaransa au Kijerumani husoma mkato kama nukta ya desimali. Vilevile faili ikihifadhiwa kwa mtindo wa CSV, ambao hutenganisha safu kwa mkato, namba moja inaweza kugawanyika ikawa tatu pale inapofunguliwa.

Sasa jedwali limebaki na safu mbili na mistari saba:

```
Kaunti,Watu 2019
Kilifi,1453787
Mombasa,1208333
Kwale,866820
Taita Taveta,340671
Tana River,315943
Lamu,143920
```

Mpangilio umebadilika. Katika vitabu vya sensa kaunti hufuata nambari zake, Mombasa kwanza na Taita Taveta mwisho. Ukutani hakuna anayetafuta kaunti kwa nambari, na anayesoma anataka kujua ipi ina watu wengi na ipi wachache, kwa hiyo kubwa imetangulia. Chati hufuata mpangilio wa jedwali. Pau zikisimama, Kilifi itakuwa kushoto. Pau zikilazwa, jambo linalofaa majina yakiwa marefu, mstari wa kwanza wa jedwali huwekwa chini kabisa, na chati itaonekana imepinduka. Hilo si kosa la katibu. Apange jedwali kuanzia ndogo, au katika mipangilio ya mhimili achague majina yaandikwe kwa mpangilio wa kinyume.

Na kwa nini kichwa cha safu kimeandikwa "Watu 2019", si 2019 peke yake? Mtu mwingine kwenye mkutano huenda akataka kulinganisha na Sensa ya 2009, ambapo Lamu ilikuwa na watu 101,539 na Kilifi 1,109,735. Katibu ataongeza safu moja upande wa kulia, na chati itapata pau mbilimbili kwa kila kaunti. Vichwa vikiwa tarakimu tupu, 2009 na 2019, programu inaweza kudhani ni idadi za watu kama nyingine na kuvichorea pau. Neno moja mbele ya mwaka linazuia hilo. Ikumbukwe tu kuwa safu ya C haitakuwa tupu tena, kwa hiyo kichwa kirefu na chanzo visogee hadi safu ya E.

Kuna jambo moja ambalo hata jedwali safi halilitatui. Kama taarifa ya kaunti au wadi moja haijafika, kisanduku chake kiachwe kitupu. Kisijazwe sifuri wala neno "bado". Lakini kwenye chati ya pau kisanduku kitupu na sifuri hufanana: vyote viwili havina upau. Chati haiwezi kutofautisha mahali pasipo na watu na mahali ambapo taarifa haijaletwa. Chini ya chati hiyo iandikwe sentensi moja kwa mkono au kwa mashine, ikitaja jina la mahali hapo na kusema kwamba taarifa yake haijapokelewa.

Kabla ya karatasi kubandikwa, katibu anachukua rula. Watu wa Kilifi ni karibu mara kumi ya watu wa Lamu. Upau wa Kilifi ukiwa sentimita 15, wa Lamu lazima ukaribie sentimita moja na nusu. Akipima akapata chini sana ya hapo, ama kuna kosa katika kisanduku, ama mhimili haukuanzia sifuri, na karatasi inarudi mezani.