Daftari la Matangazo ya Udereva



Nimeombwa nieleze jinsi kijana anavyoweza kutambua ujuzi unaotakiwa katika kazi anayoitamani. Nitasema juu ya udereva tu, kwa sababu huo ulitugharimu fahali hapa Gitting. Mdogo wangu alipata leseni kwa fedha za fahali huyo, akaomba kazi katika halmashauri moja, jina lake lisiitwe kwenye usaili. Alikuwa amesoma tangazo moja tu, tena mbiombio.

Ndipo tukanunua daftari. Kwa mwaka mzima kila tangazo la dereva lililotufikia, la Sekretarieti ya Ajira, la halmashauri au la kampuni, tuliliandikia tarehe, jina la mwajiri, na kila sharti katika mstari wake. Yaliyo ya lazima tuliyaweka upande mmoja. Upande wa pili tuliweka yale yanayofuatiwa na maneno "watafikiriwa kwanza".

Mwanzoni tulikosea kuhesabu. Matangazo ya Dereva Daraja la II katika halmashauri hufanana karibu neno kwa neno, maana yote hufuata muundo mmoja wa utumishi. Tuseme umekusanya ya halmashauri nne: hujapata mashahidi wanne, umemsikia shahidi mmoja akisema mara nne. Tangazo lililorudiwa kwa kuongezewa muda nalo ni lile lile. Basi tukayahesabu yote ya serikali kama moja, na kila kampuni peke yake.

Sharti la serikali lilikuwa hili: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C, mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kinachotambuliwa na Serikali, na kuendesha gari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Mwenye cheti cha majaribio ya ufundi daraja la II hufikiriwa kwanza. Nionavyo mimi, penye waombaji wengi na nafasi mbili, hilo "kwanza" ni sawa na lazima. Tena kampuni nazo, kwa maneno yao wenyewe, zilitaka dereva awezaye kutengeneza hitilafu ndogo njiani. Hapo ndipo tulipopata mashahidi wa kweli zaidi ya mmoja juu ya ufundi.

Mdogo wangu alikosa cheti cha mafunzo, na mwaka wake wa uendeshaji haukuwa umetimia. Kwa fedha huwezi kuuharakisha mwaka huo. Mafunzo unaweza kuyafanya wakati ukiusubiri. Alijiunga na chuo, huku akiendesha lori la viazi la jirani siku za mnada. Leseni ilipotimiza mwaka, cheti cha mafunzo kilikuwa ndani ya bahasha. Cha majaribio ya ufundi bado anakitafuta.