Mtaro wa Miaka 25: Kumfikishia Mkurugenzi Hesabu ya Mhandisi

Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na serikali ikazipa familia za mabondeni viwanja Mabwepande, Kinondoni. Miaka michache baadaye, Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua Kinondoni, Ilala na Temeke. Mtaro wa aina hiyo huanzia kwenye ripoti nene ya mhandisi, lakini mkurugenzi na madiwani wanaopitisha fedha huletewa muhtasari wa kurasa mbili. Mada hii inahusu kinachopotea humo njiani.

Kinachopotea mara nyingi ni kipindi cha marejeo. Mhandisi anaandika: "Mtaro umesanifiwa kwa mvua yenye kipindi cha marejeo cha miaka 25." Mwandishi wa muhtasari, akitaka kurahisisha, anaandika: "Mtaro utahimili mvua kwa miaka 25." Sentensi imekuwa fupi, na imekuwa uongo. Mhandisi alisema kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4 wa kunyesha mvua kubwa kuliko ile aliyoipigia hesabu. Mwaka ukipita salama, unaofuata unaanza na asilimia 4 zile zile. Katika miaka 10, uwezekano wa mtaro kuzidiwa angalau mara moja unafika karibu asilimia 34. Katika miaka 25, asilimia 64. Mkurugenzi aliyeahidiwa miaka 25 ataona mtaro umefurika mwaka wa tatu na kudai mkandarasi amelipua kazi, hali kila kitu kilijengwa kama kilivyochorwa.

Dawa yake si kulifuta neno la kitaalamu. Liachwe, lifafanuliwe mara moja pale linapotokea kwanza, kisha lirudiwe vile vile hadi mwisho. Muhtasari unaosema "kipindi cha marejeo" ukurasa wa kwanza na "muda wa uhai" ukurasa wa pili umemwambia msomaji mambo mawili tofauti, kwani muda wa uhai ni umri wa zege na nondo.

Tuchukue mfano wa darasani wenye vipimo vya kawaida vya mitaa yetu. Eneo linalomwaga maji mtaroni ni hekta 40. Ukali wa mvua yenye kipindi cha marejeo cha miaka 25 ni milimita 90 kwa saa, na mgawo wa mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywea ardhini, ni 0.7 kwa sababu mabati na sakafu zimefunika udongo. Fomula ni hii:

```
Q = C × I × A / 360
Q = 0.7 × 90 × 40 / 360 = 7.0
```

Jibu ni mita za ujazo 7 kwa sekunde. Mtaro wenye upana wa mita 2 na kina cha maji cha mita 1.5, maji yakienda mita 2.4 kwa sekunde, unapitisha 7.2. Unatosha, kwa nafasi ndogo sana.

Mkurugenzi hahitaji fomula, lakini anahitaji vipimo vikamilike. "Milimita 90 kwa saa" ikigeuzwa "milimita 90", atailinganisha na taarifa ya mvua ya kutwa nzima. Mvua ya ukali huo ikinyesha dakika 20 tu, jumla yake ni milimita 30, na mtaro tayari umejaa.

Kuna pia masharti, ambayo ndiyo hukatwa kwanza kwa kuwa yanarefusha sentensi. Ripoti inasema 7.2 "iwapo mtaro ni safi". Mchanga ukikaa chini kwa sentimita 50, njia ya maji inapungua theluthi moja, na uwezo unashuka chini ya 4.8 kwa sababu hata mwendo wa maji unapungua. Sharti hilo ndilo linalobeba bajeti ya usafishaji. Likiondolewa, fungu la fedha linaondoka nalo.

Aya inayofaa kumfikia mkurugenzi ingesomeka hivi: "Mtaro umesanifiwa kwa kipindi cha marejeo cha miaka 25: kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4 wa mvua kuuzidi. Unapitisha mita za ujazo 7.2 kwa sekunde ukiwa safi. Mchanga wa sentimita 50 unashusha uwezo huo chini ya 4.8. Usafishaji kabla ya masika na vuli uwekwe kwenye bajeti."

Kabla ya kikao, muhtasari urudi kwa mhandisi, naye aulinganishe na ripoti yake tarakimu kwa tarakimu na sharti kwa sharti. Kisha ofisa wa fedha au wa utumishi asomewe muhtasari huo, aulizwe: mtaro ukifurika mwakani, je, kuna aliyekosea? Akijibu "ndiyo" papo hapo, aya ya kipindi cha marejeo iandikwe upya. Akiuliza kwanza kama ulikuwa umesafishwa na mvua ilikuwa na ukali gani, muhtasari uko tayari kwenda kwa madiwani.