Kutoka Kusikia hadi Kutenda: Namna ya Kuripoti Gharama za Kampeni ya Afya



Ripoti nyingi za kampeni za afya hufunguliwa na sentensi ya namna hii: tumewafikia watu 300,000 kwa shilingi 120 kila mmoja. Mada hii inafuatilia tarakimu hiyo ilikotoka, kisha inaonyesha inavyobadilika tukiuliza ni nani aliyekumbuka na ni nani aliyetenda.

1. Nani amefikiwa?

Tuchukue wilaya ya kubuni yenye kaya 60,000. Kampeni ya kuzuia kipindupindu inahimiza kila kaya itie dawa ya klorini kwenye maji ya kunywa. Matangazo yanapigwa redioni na gari la vipaza sauti linapita vijijini. Gharama yote, pamoja na posho, mafuta na sehemu ya mishahara ya watumishi, ni shilingi 36,000,000.

Zile shilingi 120 zimepatikana kwa kuigawa gharama hiyo kwa wasikilizaji wote wa redio. Lakini wengi wao wako nje ya wilaya, na anayesikiliza redio si lazima awe amelisikia tangazo. Tena, maji hutiwa dawa na kaya, kwa hiyo kaya ndiyo ihesabiwe tangu mwanzo hadi mwisho. Tukizihoji kaya na nusu yake ziseme zimelisikia tangazo, zilizofikiwa ni 30,000, na kila moja imegharimu shilingi 1,200.

Hata jibu la "nimesikia" lipimwe, kwa kuwa wapo wanaokubali ili kumridhisha mdodosaji. Weka kwenye dodoso tangazo moja ambalo halijawahi kupigwa. Wakitokea wengi wanaodai kulisikia, ujue idadi ya waliofikiwa imevimba.

2. Nani amekumbuka?

Swali la kukumbuka liulizwe bila kudokeza: "Tangazo lilikuambia ufanye nini?" Mdodosaji asisome majibu, aandike anachoambiwa. Anayejibu "lilihusu usafi" amekumbuka mada tu. Aliyekumbuka ujumbe ni yule anayetaja kutia dawa, kiasi chake na muda wa kusubiri kabla ya kunywa. Tuseme waliojibu hivyo ni asilimia 20 ya kaya zote, yaani kaya 12,000. Gharama sasa ni shilingi 3,000 kwa kaya.

3. Nani ametenda?

Hapa tusitegemee maneno, maana aliyelielewa tangazo anajua pia jibu linalotakiwa. Mdodosaji aombe maji ya mtungini na ayapime kwa kidonge cha DPD. Yakigeuka waridi, klorini imo.

Tuseme kabla ya kampeni asilimia 10 ya kaya zilikuwa na klorini, na baada yake asilimia 18. Tusikimbilie kudai ongezeko la pointi 8. Katika wilaya jirani isiyokuwa na kampeni, kiwango kimepanda kutoka 10 hadi 13, labda kwa sababu hofu ya ugonjwa imeenea kote. Kilicholetwa na kampeni ni pointi 5, yaani kaya 3,000, na gharama ni shilingi 12,000 kwa kila kaya iliyobadilika.

Hata pointi hizo 5 zina mashaka. Ikiwa tulihoji kaya 400 katika kila wilaya na kila awamu, kosa la sampuli ni takriban pointi 6.5 juu au chini, na huongezeka kaya zikichaguliwa kwa makundi ya vijiji. Kwa hiyo mabadiliko halisi huenda ni sifuri. Ripoti iseme hivyo waziwazi, au sampuli ikuzwe tangu wakati wa kupanga bajeti.

4. Funzo la Burkina Faso

Kati ya 2012 na 2015, kampeni ya redio kuhusu uhai wa watoto ilifanyiwa majaribio nchini Burkina Faso katika maeneo 14: saba yalipata matangazo na saba hayakupata. Rejesta za vituo vya afya zilionyesha kuwa mahudhurio ya watoto chini ya miaka mitano yaliongezeka kwa asilimia 35 mwaka wa kwanza yakilinganishwa na maeneo mengine, kisha asilimia 20 na 16 katika miaka miwili iliyofuata. Hata hivyo, tofauti ya vifo haikuonekana katika utafiti wa kaya. Vifo vilikuwa vikishuka haraka pande zote mbili. Watafiti waliyatangaza matokeo yote mawili. Kama kusingekuwa na maeneo ya kulinganisha, kushuka huko kwa vifo kungehesabiwa kuwa kazi ya redio.

5. Mapendekezo

Kila ripoti iwe na jedwali moja lenye safu tatu: kaya zilizosikia, zilizokumbuka na zilizotenda, kila moja na gharama yake. Kipimo cha awali kichukuliwe kabla ya tangazo la kwanza kupigwa, na eneo la kulinganisha lichaguliwe siku hiyo hiyo. Mfadhili akitaka tarakimu moja tu, apewe ile ya waliotenda, pamoja na kosa lake la sampuli.