Ziada ya SACCOS: Imetoka wapi, na ni ya nani?

Mada kwa wajumbe wa bodi, kamati za usimamizi na watunza vitabu wa vyama vya akiba na mikopo



Kila mwaka, hesabu zikishafungwa na mkutano mkuu ukikaribia, swali la kwanza la wanachama huwa lilelile: gawio ni asilimia ngapi? Ninaomba leo tulitangulize swali jingine, yaani hiyo ziada inayotaka kugawanywa imetoka wapi, na je, ipo kweli? Mkianza na asilimia, mtajikuta mnatafuta fedha ya kutimiza ahadi. Mkianza na chanzo cha ziada, asilimia itajitokeza yenyewe mwishoni mwa hesabu.

Tukubaliane kwanza kuhusu vitu viwili ambavyo vyama vingi bado vinavichanganya kwenye leja. Hisa ni mtaji wa mwanachama ndani ya chama. Ndizo zinazokibeba chama siku ya hasara, na kwa sababu hiyo hazichukuliwi ovyo. Anayeondoka kwa kawaida humhamishia mwanachama mwingine hisa zake. Akiba ni fedha ya mwanachama iliyowekwa kwetu, nayo kwenye mizania inakaa upande wa madeni ya chama. Wenzetu wa Kenya, tangu Sheria ya SACCO ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa msimamizi wao, SASRA, wameusisitiza sana mpaka huu kati ya hisa za mtaji na amana. Mtunza vitabu anayeandika makato yote ya mwezi kwenye safu moja iitwayo "hisa na akiba" ameshaharibu hesabu ya gawio kabla mwaka haujaisha, kwa sababu hisa hupata gawio kutokana na ziada, ilhali riba ya akiba ni gharama inayotolewa kabla ziada haijapatikana.

Sasa tuchukue chama cha mfano, chenye tarakimu nilizozipanga ziwe rahisi kufuatilia. Mwisho wa mwaka, meneja analeta taarifa ya mapato na matumizi inayosema hivi: riba ya mikopo shilingi 50,000,000, ada na mapato mengine 4,000,000, matumizi yote, pamoja na riba iliyolipwa kwa wenye akiba, 36,000,000. Ziada, 18,000,000. Bodi inafurahi, na mjumbe mmoja tayari anataka gawio lizidi la mwaka jana.

Hapo ndipo mjumbe wa kamati ya usimamizi anapopaswa kuomba leja za wakopaji. Si zote. Achukue za wale waliomo kwenye orodha ya wadaiwa waliochelewa, afungue kadi mojamoja na kusoma safu mbili tu: riba iliyotozwa na riba iliyopokelewa. Katika kadi ya mkopaji mmoja ataona kila mwisho wa mwezi riba imetozwa, Januari hadi Desemba, kwa mwandiko uleule nadhifu. Safu ya pili ina namba za stakabadhi hadi Machi, kisha ni tupu. Mwanachama huyu hajalipa chochote kwa miezi tisa, lakini vitabu vinaendelea kuhesabu riba yake kuwa mapato ya chama. Akijumlisha kadi zote za namna hiyo, anapata shilingi 5,000,000. Kwa hiyo katika zile milioni 50 za riba, zilizoingia kweli kwenye sanduku na benki ni milioni 45.

Kuandika riba iliyotimia muda ingawa bado haijalipwa si kosa lenyewe. Mkopaji ambaye malipo yake yanakuja wiki ya kwanza ya Januari, riba yake ya Desemba ni mapato halali ya mwaka uliokwisha. Kosa ni kuendelea kuandika riba juu ya mkopo ambao dalili zote zinaonesha haulipwi. Mkopo ukishakuwa chechefu, riba yake isimamishwe kwenye mapato, na iliyokwisha kuandikwa iondolewe: debiti mapato ya riba, krediti riba inayodaiwa, 5,000,000. Deni halijafutwa, mkopaji bado anadaiwa na atafuatiliwa. Tulichokiondoa ni dai la kwamba tumeshapata.

Hatua ya pili ni mikopo yenyewe. Sera ya kila chama, ikifuata kanuni za usimamizi zinazokihusu, inaeleza mkopo ukichelewa kwa muda gani utengewe asilimia gani kwa ajili ya hasara. Tuseme kwa chama chetu, baada ya kupanga mikopo kwa umri wa kuchelewa, tengo linalohitajika limezidi lililokuwapo kwa 3,000,000. Kiasi hicho kinaingia kwenye matumizi ya mwaka: debiti gharama ya mikopo chechefu, krediti tengo la hasara ya mikopo. Ziada ya milioni 18 sasa imebaki 10,000,000.

Huu ndio ugumu wenyewe wa kazi yetu, na ninausema kwa uchungu: bodi nyingi hufika hapa na kurudi nyuma kwa kuogopa mkutano mkuu. Angalieni kinachotokea zikirudi nyuma. Ile milioni 8 ya tofauti haipo benki. Gawio likilipwa kwa fedha taslimu kutokana nayo, fedha hiyo itatoka kwenye akiba za wanachama, maana hakuna chungu kingine. Mwanachama anapokea gawio Machi, na Agosti anaambiwa asubiri foleni ya mkopo, au akitaka kuchukua akiba yake anaambiwa arudi wiki ijayo. Ni fedha yake mwenyewe iliyokwisha kugawanywa.

Zipo dalili za kuitambua ziada ya namna hii hata kwa mtu asiye mhasibu. Linganisha mizania za miaka miwili: ikiwa riba inayodaiwa imeongezeka sana na mikopo iliyo nje haijaongezeka, uliza. Tazama pia mikopo iliyotolewa Desemba. Mkopo mpya uliotolewa kwa mtu aliyekuwa kwenye orodha ya waliochelewa, na siku hiyohiyo mkopo wake wa zamani ukafutika pamoja na riba yake yote, bila fedha kupita benki, ni mkopo wa zamani uliovalishwa nguo mpya. Kwenye orodha ya umri wa mikopo utaonekana safi kabisa. Dalili hii ni nzito kuliko zote, kwa sababu mtu ameitengeneza kwa makusudi.

Tukishapata milioni 10 za kweli, ndipo tuzungumze mgawo. Kanuni ya tatu ya ushirika, kama ilivyotamkwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, inaweka matumizi ya ziada kuwa kukuza chama na kujenga akiba ya chama ambayo angalau sehemu yake haigawanyiki, kuwanufaisha wanachama kwa kadiri wanavyokitumia chama, na kusaidia shughuli nyingine walizoziidhinisha. Kinachotangulia ni akiba ya lazima. Tuseme masharti ya chama chetu yanataka asilimia 20 iende huko, nayo ni 2,000,000, na asilimia 5 kwa mfuko wa elimu, 500,000. Inabaki 7,500,000 ya wanachama.

Hapa vyama vingi hugawa kiasi chote kwa hisa na kufunga daftari. Mimi nadhani si haki, na sababu inapatikana kwenye taarifa ya mapato. Ziada ya SACCOS imetokana karibu yote na riba waliyolipa wakopaji. Mwanachama mwenye hisa nyingi ambaye hajakopa hata mara moja amechangia mtaji, na anastahili malipo ya mtaji wake. Lakini aliyelipa riba mwezi kwa mwezi ndiye aliyeizalisha ziada. Wale wafumaji wa Rochdale walioanzisha duka lao mwaka 1844 waliliona jambo hili mapema: mtaji ulipata riba yenye kikomo, na kilichobaki kilirudi kwa wanachama kulingana na manunuzi yao. Kwenye AMCOS za kahawa au korosho kipimo ni kilo, kwa sababu ziada hutokana na ushuru unaokatwa kwenye kila kilo. Kwetu sisi kipimo ni riba iliyolipwa.

Kwa hiyo bodi ya chama chetu inapendekeza gawio la hisa la asilimia 5. Wastani wa hisa zote kwa mwaka ni 60,000,000, gawio ni 3,000,000. Zinabaki 4,500,000 za kurudishiwa wakopaji. Riba iliyolipwa kweli ni milioni 45, basi kila aliyelipa riba ya shilingi 1,000 anarudishiwa 100. Aliyeacha kulipa Machi atapata kwa kile alichokilipa hadi Machi tu, na kwa kawaida kitakatwa kwenye deni lake.

Neno "wastani" hapo lina uzito. Mwanachama mmoja alikuwa na hisa za shilingi 500,000 mwaka mzima. Mwingine alianza Januari na 100,000, akaongeza 400,000 tarehe 1 Oktoba. Desemba 31 wote wana 500,000. Ukitumia salio la mwisho wa mwaka, wote watapata 25,000, na habari zikienea utaona watu wakinunua hisa Desemba. Ukipima kwa miezi, wa pili ana 100,000 mara 12, na 400,000 mara 3, jumla 2,400,000. Gawanya kwa 12 upate wastani wa 200,000. Gawio lake ni 10,000. Kazi hii iko kwenye leja ya hisa. Inahitaji tarehe za kila ununuzi ziwe zimeandikwa siku yenyewe, wala si kukisiwa wakati wa kufunga hesabu.

Pendekezo hili halilipwi kabla ya hesabu kukaguliwa na mkutano mkuu kuridhia. Likisharidhiwa ndipo linapoondolewa kwenye ziada na kuwa deni la chama kwa wanachama. Halipiti kwenye matumizi hata siku moja. Nimeona taarifa ambazo gawio la mwaka uliopita limeandikwa kama gharama ya mwaka huu, na ziada ya mwaka huu ikapungua bila sababu. Mkutano unaweza pia kuamua gawio libadilishwe kuwa hisa za kila mwanachama badala ya kulipwa taslimu, uamuzi mzuri kwa chama kinachokua haraka kuliko mtaji wake.

Baada ya malipo hubaki wasiochukua: waliohama, waliofariki ambao warithi bado hawajafika, waliobadilisha namba za simu. Kiasi chao kinabaki kwenye mizania kama gawio lisilochukuliwa, na nyuma ya salio hilo meneja awe na orodha ya majina, namba za uanachama na kiasi cha kila mmoja, jumla yake ikilingana na leja hadi shilingi ya mwisho. Orodha isiyolingana na salio irudishwe kwake siku hiyohiyo, kabla mkaguzi hajaiomba.