Kabla ya Kutia Saini Hati ya Malipo ya Mwisho
Mazungumzo na watumiaji wa huduma za bima, Njombe na Makambako



Mji wa Makambako umejengwa njia panda. Magari ya Mbeya, ya Iringa na ya Songea yote hupita hapo, na ajali nazo hutokea. Kila gari linalotembea barabarani hutakiwa na sheria kuwa na bima, walau ile tunayoiita bima ndogo, ambayo kazi yake ni kumfidia mtu mwingine aliyeumizwa na gari hilo. Leo hatutazungumzia namna ya kudai fidia hiyo. Tutazungumzia siku ambayo, baada ya kulalamika kwamba madai yako yamecheleweshwa, mtu anafika nyumbani na karatasi na kukuambia: "Weka saini hapa, fedha zipo tayari."

Tuchukue mfano. Mama anayeuza viazi alikuwa abiria katika basi dogo kutoka Njombe kwenda Makambako. Basi likapinduka, akavunjika mguu, akawekewa chuma. Aliwasilisha madai kwa kampuni iliyolikatia gari bima, akiambatanisha fomu ya polisi, yaani PF3, na stakabadhi za hospitali. Miezi minne ikapita bila jibu. Alipoandika barua ya malalamiko, mwakilishi wa kampuni alikuja ndani ya wiki moja na hati ya kurasa mbili ya Kiingereza. Alimweleza kwamba ni shilingi 1,800,000, na kwamba asiposaini siku hiyohiyo faili litafungwa.

Hati ya namna hiyo ni hati ya kukubali malipo. Si stakabadhi ya kupokea fedha tu. Ni mkataba, na kiini chake huwa katika sentensi moja inayosema kwamba malipo ni kamili na ya mwisho, na kwamba mlipwaji anaiachilia kampuni, mwenye gari na dereva kutoka katika madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Maneno hayo "yasiyojulikana" ndiyo mazito. Mguu ukigoma kupona mwakani, hati imekwisha kujibu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: fedha hizi ni za nini, na zimehesabiwaje? Omba mchanganuo kwa maandishi. Mama wa mfano wetu alitumia shilingi 1,150,000 kwa matibabu na 180,000 kwa nauli za kliniki. Kwa miezi minne hakuuza viazi, naye kwa kawaida alibakiwa na shilingi 300,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,200,000. Jumla ni shilingi 2,530,000, kabla hatujataja maumivu wala ulemavu. Aliyeletewa 1,800,000 hana budi kuuliza ni kipengele kipi kilichokatwa, na kwa sababu gani. Huenda sababu ipo, kwa mfano stakabadhi iliyopotea, au mapato yasiyo na kumbukumbu yoyote. Daftari la mauzo au barua ya mwenyekiti wa soko huweza kuziba pengo hilo, lakini ni kabla ya saini.

Swali la pili: je, jeraha limefika mwisho wake? Chuma kilichomo mguuni huenda kikahitaji kutolewa, na upasuaji huo una gharama yake. Mwombe daktari aandike hali ya mguu ilivyo sasa, matibabu yaliyobaki, na kama kuna ulemavu wa kudumu. Pasipo barua hiyo, wewe na kampuni nyote mnakisia, lakini hasara ya kukisia vibaya itakuwa yako. Ikiwa unahitaji fedha haraka, unaweza kuomba kampuni ilipe sehemu isiyobishaniwa kama malipo ya awali, na hati iseme waziwazi kwamba madai mengine yanaendelea. Kampuni huweza kukataa, lakini ombi hilo si la ajabu.

Swali la tatu: ninazuiwa kusema nini, na kwa nani? Katika hati ile palikuwa na sharti kwamba mama ataondoa malalamiko yake na hatamweleza mtu yeyote habari za ajali wala za malipo. Kuficha kiasi cha fedha ni jambo ambalo watu wawili wanaweza kukubaliana. Lakini makubaliano ya siri hayawezi kukufunga mdomo mbele ya polisi, mahakama au mamlaka ya usimamizi, wala hayafuti kesi ya jinai dhidi ya dereva, kwa kuwa kesi hiyo ni ya Jamhuri. Taka sharti liandikwe upya ili liseme kwamba unabaki huru kuzungumza na vyombo hivyo, na daktari wako, wakili wako na familia yako.

Swali la nne: fedha zitalipwa lini na kwa njia gani? Hati nyingi husema "nimepokea" ilhali mtu hajapokea kitu. Iseme "nitalipwa," itaje tarehe na akaunti.

Katika kuuliza yote haya, usikubali kuharakishwa. Jibu linalotosha ni hili: "Niachie nakala, nitajibu kwa maandishi wiki ijayo." Mpe hati hiyo mtu unayemwamini, anayejua lugha iliyotumika, na muulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tishio la kwamba faili litafungwa liombe kwa barua. Mara nyingi asemaye kwa mdomo hataki kuliandika. Hata hivyo, usikae na hati bila kujibu. Kesi ya madhara ya ajali ina ukomo wa miaka 3 mahakamani, na mazungumzo na kampuni hayasimamishi muda huo.

Na aliyekwisha kusaini? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutaka ridhaa iliyo huru. Ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, udanganyifu au maelezo ya uongo humpa aliyeonewa nafasi ya kuukataa mkataba. Lakini yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha, na kadiri anavyokaa kimya na kutumia fedha, ndivyo hoja yake inavyodhoofika. Aandike siku zilezile: nani alikuja, alisema nini, nani alisikia.

Sisi wa usimamizi wa bima hatupangi thamani ya mguu wa mtu. Tunachoweza ni kuitaka kampuni ieleze ilivyoshughulikia madai. Mgogoro wa kiasi unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hamtozi mlalamikaji ada, baada ya kampuni kwanza kupewa nafasi ya kujibu malalamiko. Njoo na PF3, stakabadhi, barua ya daktari, barua yako ya malalamiko na nakala ya hati uliyoletewa, ikiwa bado haina saini.