Cherehani Imerudi Dukani, Je, Deni Limerudi?



Tumeombwa tuzungumze juu ya kununua kwa malipo ya awamu, na hasa juu ya swali hili: mtu akirudisha bidhaa, mpango wake wa malipo huishia wapi?

Yatupasa kwanza kutambua tunadaiwa na nani. Katika ununuzi wa kukodi, ambao Kenya inao chini ya Sheria Sura ya 507, bidhaa hubaki mali ya mkodishaji mpaka masharti yote yatimizwe. Lakini katika mpango wa "chukua sasa, lipa baadaye" mara nyingi wahusika ni watatu: mnunuzi, duka na kampuni ya mikopo. Kampuni hulilipa duka. Tangu hapo deni letu li kwa kampuni, wala si kwa duka.

Tuchukue mfano. Mama mshonaji achukua cherehani ya shilingi 24,000, kwa awamu nne za shilingi 6,000. Alipa ya kwanza siku hiyo, yabaki 18,000. Baada ya siku kumi mota yaonekana mbovu, na duka lakubali kuipokea cherehani. Hesabu ya haki ni hii: duka lairudishia kampuni bei yote, kampuni yafuta zile 18,000, kisha yamrudishia mama 6,000 zake. Ada ya mkopo, kama ilikuwapo, hufuata masharti ya mkataba, nayo huenda isirudi.

Basi, dhuluma huingilia wapi? Huingia pale ambapo duka lapokea cherehani bila kuiarifu kampuni. Kwenye daftari la kampuni, mama angali mdaiwa. Akiacha kulipa kimyakimya, aweza kutozwa faini na jina lake kupelekwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo. Vivyo hivyo, duka likimpa hati ya kuchukua bidhaa nyingine badala ya kuirudishia kampuni fedha, deni la kwanza labaki palepale.

Kwa hiyo, siku ya kurudisha, tudai stakabadhi yenye tarehe, namba ya mauzo na kiasi kinachorudishwa. Siku hiyohiyo tuiandikie kampuni, tukiambatanisha nakala, na kuomba awamu ijayo isimamishwe hadi duka lithibitishe. Ikikataa, ni salama zaidi kulipa kwa wakati na kudai marejesho baadaye.

Tukirudisha sehemu tu ya vitu, tuulize punguzo litaangukia awamu ipi. Likikatwa katika awamu ya mwisho, ile ijayo yabaki kamili, ingawa deni limepungua.

Neno la duka, "tumeshamaliza", halitoshi. Jambo limekwisha pale taarifa ya kampuni inapoonyesha salio 0, na fedha tulizotanguliza zimetufikia mkononi. Hadi hapo, stakabadhi ile isitupwe.